Herufi V ndani ya bika

Weka mililita 100 za asidi ya haidrokloriki ya 0.01 M kwenye bika, kisha dondoshea sodiamu haidroksaidi ya 0.1 M huku ukipima upitishaji umeme. Mstari wa grafu utashuka kwa kasi, na kwenye mililita 10 utageuka na kupanda.

Kwa nini ushuke ilhali unaongeza chumvi? Kila ioni ya haidrojeni inayogeuka maji, nafasi yake hushikwa na sodiamu. Katika nyuzijoto 25, haidrojeni hubeba umeme kwa kipimo cha 350. Sodiamu 50 tu. Haidrojeni haiogelei kama wenzake: chaji yake hupokezanwa kutoka molekuli moja ya maji hadi nyingine. Klorini, yenye 76, haibadiliki.

Asidi ikiisha, haidroksaidi (199) hubaki huru pamoja na sodiamu. Jumla yao ni 249, chini ya pengo la 300 lililoushusha mstari. Ndiyo maana mguu wa kulia hauna mwinuko mkali kama wa kushoto.

Ncha ikionekana butu, usiihangaikie. Chora mistari miwili kwa vipimo vya mbali nayo. Inapokatana ndipo jibu lilipo.