Barabara ya Chaki: Kumfundisha Mtoto Kuvuka kwa Njia ya Michezo

Mtoto wa miaka mitano aweza kukariri bila kukosea kwamba kabla ya kuvuka hutazamwa kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena. Mtoto huyo huyo, mpira ukimponyoka, ataufuata hadi katikati ya barabara. Kwake maneno yale ni shairi la darasani, nayo barabara ni jambo jingine. Michezo inayoelezwa katika makala haya inakusudia kuyakutanisha mambo hayo mawili, na yote yahitaji vifaa vichache ambavyo mzazi au mlezi anavyo tayari.

Uwanja huchaguliwa kwanza. Uwe ndani ya uzio wa nyumba, wa shule au wa msikiti na kanisa, mahali ambapo gari haliingii. Barabara ya chaki isichorwe kamwe juu ya barabara ya kweli, hata ile ya mtaani ambayo gari hupita mara moja kwa saa, kwa kuwa mtoto atajifunza kwamba barabara ni mahali pa kuchezea. Penye sakafu ya saruji hutumika chaki. Penye udongo hutosha mstari wa majivu au wa kijiti. Chokaa isitumike, maana huumiza macho. Chora mistari miwili iliyo sambamba, ikiachana hatua nane za mtu mzima, yaani mita sita hivi. Upana huo ndio utakaotufaa baadaye. Katikati chora mistari ya pundamilia, na pembeni andika mahali pa kituo cha daladala.

Taa ni vifuniko vitatu vya ndoo vilivyopakwa rangi nyekundu, njano na kijani, au duara za karatasi ngumu. Mtoto mmoja huwa taa, wawili au watatu huwa magari, waliobaki huwa waenda kwa miguu. Watoto huupenda mchezo huu kuliko mingine, lakini una kasoro: humfundisha mtoto kutazama taa na kusahau magari. Kwa hiyo, mara moja katika kila raundi, mnong'oneze mmoja wa madereva apite ijapokuwa taa yake ni nyekundu. Mtoto aliyekwisha kushusha mguu kwa sababu tu ameona kijani atashtuka, na hapo ndipo pa kumweleza kuwa taa humpa zamu ya kuvuka, bali haiwezi kulizuia gari. Wakazi wa miji yetu hawahitaji kuambiwa mengi kuhusu pikipiki na taa nyekundu.

Baada ya hapo huja kutazama kwenyewe. Watoto wengi huugeuza uso kulia na kushoto kwa haraka, kama waitikiao amri ya gwaride, wala hawaoni kitu. Kuna njia rahisi ya kulitambua hilo. Mtu mzima mmoja asimame mbali upande wa kulia na mwingine upande wa kushoto, kila mmoja akiinua kitu anachokibadilisha kila mara: kikombe, kandambili, kitambaa cheupe. Mtoto akishatazama, kabla hajavuka, mwulize kila upande palikuwa na nini. Akikosea, haruhusiwi kuvuka, anaanza upya. Ataanza kutazama kwa kweli baada ya kukosea mara chache, na utaona kichwa chake kikitulia kidogo kila upande badala ya kupepesuka. Hapa pia ndipo pa kumweleza sababu ya kuanza kulia: kwetu magari huenda upande wa kushoto, hivyo lile litakalomfikia kwanza akiwa ukingoni hutokea kulia kwake. Kushoto hakuachwi, hata katika barabara ya njia moja, kwa ajili ya bodaboda zinazokwenda kinyume.

Daladala iliyosimama yahitaji mchezo wake. Funga kamba kando ya barabara ya chaki, kwa kimo cha mtu mzima, kisha tandika juu yake shuka au kanga mbili zilizounganishwa hadi zifike chini. Mtoto ateremke "garini" na kuvuka mbele ya kanga, huku mwenzake akija kwa mwendo na tairi kutoka nyuma ya pazia. Hawataonana mpaka wamekaribia kugongana. Wabadilishe nafasi, ili aliyevuka awe dereva, naye ajionee kwamba mtoto mfupi hutokeza ghafla. Kisha wafundishe kanuni iliyo nyepesi kwa umri wao: tukishuka, tunarudi nyuma kutoka ukingoni, tunaisubiri daladala iondoke, ndipo tunapovuka mahali tunapoona pande zote mbili. Mzazi ambaye mtoto wake hupanda basi la shule aulize pia ni nani humshika mkono mtoto anaposhushwa upande usio wa nyumbani.

Mchezo ulio bora, na usiofahamika sana, ni wa barabara ya kuigiza iliyo kando ya barabara ya kweli. Katika miaka ya 1980 David Lee na wenzake wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, huko Uskoti, waliujaribu kwa watoto wadogo. Nasi twaweza kuufanya penye uzio imara unaopenyeka kwa macho, kama ule wa wavu. Ndani ya uzio chora barabara yako ya mita sita, sambamba na ile ya nje, mstari wa karibu ukiwa mita mbili au zaidi kutoka kwenye uzio. Mtoto husimama kwenye mstari wa mbali, akiyatazama magari ya kweli, na kujifanya kuwa yanapita katika barabara yake. Akiona nafasi, huvuka kwa kutembea, bila kukimbia. Gari likimpita usawa wake kabla hajaumaliza mstari wa pili, "amegongwa".

Tufanye hesabu yake. Mtoto anayetembea mita moja kwa sekunde atamaliza mita sita kwa sekunde sita. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa penye makazi, hukata karibu mita 14 kila sekunde. Katika sekunde sita limekwisha kwenda mita 84. Gari lililo mbali kwa nguzo moja ya umeme, ambalo machoni pa mtoto liko "mbali sana", lingemfikia akiwa bado katikati. Msimweleze hesabu hii. Mwacheni "agongwe" mara kadhaa, kisha mwulize ni mti upi au duka lipi ambalo gari likishalipita yeye havuki tena. Akiweza kuitaja alama hiyo mwenyewe, amepiga hatua. Alama hiyo hufaa mahali hapo tu. Mahali pengine hutafutwa upya.

Pasipo na uzio, mchezo huu usichezwe kwa miguu. Mshike mtoto mkono, msimame mbali na ukingo, naye aseme "sasa" anapodhani inafaa kuvuka, kisha mhesabu pamoja hadi sita mkiangalia kama gari limekwisha kufika.

Dakika kumi au kumi na tano zatosha kwa siku moja, mara mbili au tatu kwa juma. Mchezo ukiisha, mistari ifutwe. Kupima iwapo kuna kilichoingia, nenda naye dukani kwa njia ya kawaida, ukiwa umemshika mkono, na mwache yeye akuongoze: achague mahali pa kuvukia, atazame, aseme wakati. Wewe utamzuia tu anapokosea. Hata mtoto ashindaye kila mchezo, bado kupima mwendo wa gari linalokuja ni kazi iliyo juu ya umri wa miaka sita au saba, na mkono wake usiachwe barabarani.