Mtelezo Unaookoa Mkanda

Umeme ukikatika ghafla kwenye machimbo ya chokaa, mkanda wa konveya husimama na mzigo wake wote mgongoni. Umeme ukirudi, hakuna mtu wa kupanda na koleo kupunguza mawe. Mota inatakiwa iutoe mzigo ule pale uliposimama na kuufikisha kwenye mwendo kamili. Dakika hiyo ya kuanza ndiyo inayokata mikanda kwenye maungio, kuvunja meno ya giaboksi na kuunguza mota. Konveya nyingi nzito hulindwa na kifaa kinachofungwa kati ya mota na giaboksi, kiitwacho kaplingi ya mafuta. Ndani yake nguvu haipiti kwa chuma kushikana na chuma. Inapita kwenye mafuta.

Tuichukue konveya yenye mota ya indaksheni ya kilowati 132, inayozunguka mara 1,485 kwa dakika ikiwa na mzigo kamili. Katika mwendo huo mota hutoa nguvu ya kuzungusha ya nyutoni mita 850 hivi, na kwa umeme wa volti 400 hula amperi 230 au zaidi kidogo. Ikiwashwa moja kwa moja, mkondo huruka hadi mara sita au saba ya huo na haushuki mpaka mota ikaribie kasi yake. Ikiwa imefungwa moja kwa moja na mkanda uliojaa, safari hiyo yaweza kuchukua sekunde kumi na tano au zaidi, na muda wote huo waya za ndani zinachemka.

Tena mota ya namna hii haitoi nguvu yake kubwa kabisa mwanzoni. Huitoa ikiwa imefika asilimia 80 au 90 ya kasi, na nguvu hiyo huzidi maradufu ya ile ya kawaida. Mkanda ni mpira mrefu unaonyumbulika. Ukivutwa kwa nguvu hiyo, upande wa mota huondoka wakati mkia bado umelala, kisha mshtuko husafiri kwenye mkanda wote ukitafuta kiungo dhaifu.

Sasa tuifungue kaplingi. Ndani ya ganda lake mna magurudumu mawili yanayotazamana, kila moja likiwa na umbo la chungwa lililokatwa katikati, na mabati membamba yakisimama mahali pa kuta za vipande. Gurudumu la kwanza huzungushwa na mota, la pili huzungusha giaboksi. Kati yao mna uwazi mdogo tu. Mota ikizunguka, gurudumu la kwanza huyarusha mafuta kuelekea ukingoni. Mafuta huvuka uwazi, hugonga mabati ya gurudumu la pili na kulisukuma, kisha hurudi katikati na kuanza upya. Mhandisi Mjerumani Hermann Föttinger ndiye aliyeipatia hataza kanuni hii mwaka 1905, alipokuwa kwenye karakana ya meli ya Vulcan mjini Stettin, akitafuta njia ya kuunganisha tabo ya mvuke yenye kasi kubwa na rafadha inayotaka mwendo wa polepole.

Nguvu inayopita kwenye mafuta hayo hukua kwa mraba wa kasi ya mota. Mota ikiwa kwenye theluthi ya kasi yake, kaplingi huweza kupitisha sehemu moja ya tisa tu ya ile inayoweza kupitisha kwenye kasi kamili. Kwa hiyo mota huanza kana kwamba haina mzigo, na baada ya sekunde chache imeshakaribia mwendo wake. Mkondo wa mwanzo unabaki kuwa uleule mkubwa, lakini haudumu. Ndipo mota, ikiwa tayari kwenye kasi inayoipa nguvu zake nyingi, inaanza kuuvuta mkanda.

Hata hapo haiuvuti kwa pupa. Kaplingi nyingi za konveya zina chumba cha pembeni ambamo sehemu ya mafuta hukaa mashine ikiwa imesimama. Mota ikizunguka, mafuta hayo hupenya kwenye matundu madogo na kuingia kazini kidogo kidogo. Nguvu inayofika kwenye mkanda hupanda taratibu na huweza kuwekewa kikomo cha asilimia 140 hivi ya nguvu ya kawaida.

Kisha mkanda unafikia mwendo, lakini haulingani kamwe na mota. Tukipima upande wa mota tunapata 1,485, na upande wa giaboksi 1,440. Tofauti hiyo ya mizunguko 45, sawa na asilimia tatu, ndiyo mtelezo. Usidhani ni kasoro. Magurudumu mawili yakizunguka kwa kasi moja, kila upande utayasukuma mafuta ukingoni kwa nguvu sawa, mafuta hayatavuka, na hakuna kitakachovutwa. Gharama yake ni hiyo asilimia tatu ya nguvu, kama kilowati nne, zinazogeuka joto na kupozwa na hewa inayopita nje ya ganda.

Hesabu hubadilika kabisa jiwe likibana na mkanda ukakataa kwenda. Mtelezo sasa ni asilimia mia, na nguvu yote ya mota inageuka joto: kilowati 180 hivi, ikiwa kikomo ni hicho cha asilimia 140. Tuseme kaplingi ina lita 20 za mafuta na kilo 100 za alumini. Joto litapanda nyuzi moja na nusu kila sekunde, yaani kutoka 70 hadi 140 kwa chini ya dakika moja. Wakati huohuo mota inakula mkondo uliozidi wa kawaida kwa karibu nusu tu, na kinga yake ya umeme yaweza kusubiri dakika kadhaa kabla ya kukata. Ndiyo maana kwenye ganda hufungwa plagi zenye kiini cha madini kinachoyeyuka, mara nyingi kwenye nyuzi 140 au 160. Kikiyeyuka, mafuta yanarushwa nje na mkanda unaachiwa. Mafuta hayo ni ya moto sana, hivyo kifuniko cha kaplingi hakiachwi wazi. Kwenye konveya muhimu huongezwa kihisio cha kasi kwenye puli ya mkia, kinachozima mota mapema mkanda ukisita.

Fundi anaijua afya ya kaplingi kwa kiasi cha mafuta. Yakizidi kipimo cha mtengenezaji, mkanda utaondoka kwa kishindo, na kinga iliyokusudiwa itakuwa imepotea. Yakipungua, mtelezo unaongezeka. Mkanda ukiwa umejaa, giaboksi ikipokea mizunguko 1,360 badala ya 1,440, mtelezo umefika asilimia nane na joto ni kilowati kumi na moja. Hapo sili imevuja au kipimo kilikosewa. Kuwasha na kuzima mara kwa mara nako huipasha moto, kwa sababu kila mwanzo huacha joto linalohitaji muda wa kutoka.

Plagi ikiyeyuka, kazi ya kwanza ni kutafuta kilichobana: jiwe, puli iliyokwama, shehena iliyozidi. Baada ya hapo kaplingi ipoe, ijazwe mafuta ya aina na kiasi kilichoandikwa, ifungwe plagi mpya ya nyuzi zilezile. Wapo wanaoziba tundu kwa bolti ya kawaida ili kazi isisimame. Siku mkanda utakapobana tena, kilowati 180 zitakosa mlango wa kutokea. Sili zitaungua, ganda laweza kupasuka, na mafuta ya moto yatamrukia yeyote aliye karibu.