Ekipi saba, siku saba: namna ya kupanga kalendrie bila magomvi

Ndugu wachimbaji, kila mwaka ni ile ile: shampiona ya kazi inaanza na furaha, inaisha na kelele ku mlango wa komite. Mara mingi mwamuzi hana kosa. Kosa liko ndani ya kalendrie, na linakuja sana wakati hesabu ya ekipi haigawanyiki na mbili.

Tuseme tuko na ekipi 7: Kariere, Garaji, Umeme, Konsantratere, Fonderi, Ofisi na Hospitali. Mutu mmoja wa komite anasema: kila ekipi iko na wapinzani 6, basi siku za Mungu 6 zinatosha. Hapana. Mechi zote ni 21. Siku moja ekipi 6 tu ndizo zinaweza kucheza, maana yake mechi 3, na moja inabaki. Gawanya 21 kwa 3: ni siku 7. Mwenye kulazimisha siku 6 atafika mwisho na ekipi moja yenye kucheza mara mbili siku moja. Na mutu aliyetoka posti ya usiku hawezi hiyo.

Ile ekipi yenye kubaki tunasema iko mu repo. Kila moja inapata repo mara moja, na inafaa ijue siku yake mbele, ju watu wapange posti zao.

Sasa kazi yenyewe. Pigeni kura mbele ya wajumbe wote, kila ekipi ipate namba, 1 mpaka 7. Siku ya kwanza andika hivi, namba ya kushoto ndiyo inapokea ku kiwanja chake:

1–6, 5–2, 3–4, repo 7.

Kwa siku inayofuata, ongeza 1 ku kila namba, na repo vilevile. 7 inarudia kuwa 1. Ni hiyo tu:

Siku ya 2: 2–7, 6–3, 4–5, repo 1.
Siku ya 3: 3–1, 7–4, 5–6, repo 2.
Siku ya 4: 4–2, 1–5, 6–7, repo 3.
Siku ya 5: 5–3, 2–6, 7–1, repo 4.
Siku ya 6: 6–4, 3–7, 1–2, repo 5.
Siku ya 7: 7–5, 4–1, 2–3, repo 6.

Fuata namba 1 na kidole. Inapokea, inapumzika, inasafiri, inapokea, inasafiri, inapokea, inasafiri. Tatu nyumbani, tatu inje, na hakuna mara mbili mfululizo. Ni vile kwa zote 7. Ndiyo sababu ile siku ya kwanza tuliandika 5–2, hatukuandika 2–5: ukiigeuza, mpango huu unavunjika. Kwa ekipi 8 usawa kama huu hauwezekani.

Kama unaogopa umekosea kunakili, jumlisha namba za kila mechi. Siku ya 3, repo ni 2. Mara mbili yake ni 4. Mechi zinatoa 4, 11 na 11. Jumla inafaa iwe repo mara mbili, ao tofauti ya 7 juu ama chini. Ikitoka nyingine, kuna kosa.

Inabaki jambo moja ambalo hesabu haiwezi kuondoa: siku ya mwisho. Namba 6 imekwisha mechi zake, inakaa kuangalia wengine. Wakumbukeni Waaljeria ku Kombe la Dunia la 1982. Walishinda Ujerumani ya Magharibi 2–1, wakamaliza mechi zao tarehe 24 Juni. Kesho yake, kule Gijón, Ujerumani na Austria walijua kwamba 1–0 inawapitisha wote wawili. Bao likaingia mapema, kisha wakapigiana pasi mpaka mwisho. Aljeria ikarudi nyumbani. Tangu 1986, mechi za mwisho za kila kundi zinachezwa saa moja.

Sisi pia tuweke mechi 3 za siku ya 7 saa moja. Lakini namba 6 itabaki inje, ndiyo maana ile kura ifanyike mbele ya watu, isifanyike ndani ya ofisi. Kama kuna mzunguko wa pili, geuzeni wenyeji, na muanze na siku ya 4 mpaka ya 7, kisha 1, 2, 3. Hapo repo ya mwisho inaangukia namba 2, na namba 6 inacheza mpaka siku ya mwisho.

Na katikati ya shampiona, msisome pointi bila kusoma mechi zilizochezwa. Nyuma ya siku ya 4, ekipi 4 zimecheza mara 3, na 3 zimecheza mara 4. Mwenye kuwa chini leo pengine ni yule tu aliyekwisha kupumzika.