MBONA KISIMA HIKI NI KIZITO KUTEKA?

Katika visima vingi vya kamba tunatumia gogo la kuzungusha. Gogo limelazwa juu ya nguzo mbili, kamba imefungwa hapo, na pembeni kuna mkono wa chuma wa kuzungushia. Lakini kisima kimoja ni chepesi kuteka, kingine kinachosha. Mbona ndoo ni zile zile?

Hebu tuchukue kisima chenye kina cha mita 12. Ndoo ikijaa, uzito wake pamoja na maji ni kilo 12. Tupime mahali pawili. Kwanza, toka katikati ya gogo hadi kwenye kamba: sentimita 10. Pili, toka katikati ya gogo hadi pale tunaposhika mkono: sentimita 30.

Sasa 30 gawanya kwa 10 tunapata 3. Maana yake nguvu inapungua mara tatu. Kilo 12 tunaziinua kwa nguvu ya kuinua kilo 4 tu.

Je, nguvu hiyo tumeipata bure? Hapana. Ndoo inapanda mita 12, lakini kiganja chetu kinazunguka mwendo wa mita 36. Tumepunguza uzito mara tatu, tumeongeza mwendo mara tatu.

Tukiweka mkono wa sentimita 40, tutatumia nguvu ya kilo 3. Lakini tusiurefushe mno. Mkono wa sentimita 60 ukifika juu unampita mtu kichwa, na ukishuka unamwinamisha.

Wengine husema, "Tuweke gogo nene, ndoo ipande upesi." Ni kweli itapanda upesi. Lakini gogo likinenepa mara mbili, nguvu itakayotakiwa itakuwa kilo 8 badala ya 4. Mama mjamzito au mtoto hataweza.

Jambo jingine ni kamba kupandana. Kamba ikijikunja juu ya kamba, ni sawa na kunenepesha gogo. Utajua kwa sababu uzito unaongezeka ndoo inapokaribia juu. Kwa gogo letu, kamba inazunguka mara 19. Kama unene wake ni sentimita 2, inahitaji nafasi ya sentimita 38. Basi gogo liwe na urefu wa sentimita 45 hivi kati ya nguzo, na kamba ipangwe mzunguko kando ya mzunguko.

Ikiwa vipimo ni sawa na bado ni zito, tazama pale gogo linapokaa juu ya nguzo. Likilia au likikwaruza, paka grisi.

Mwisho, usiuachie mkono ndoo ikiwa imejaa. Ndoo itaanguka, na mkono utazunguka kwa kasi ya kuvunja mfupa. Tufunge kipande cha mti kwenye nguzo cha kuuzuia mkono wakati tunapoishika ndoo.