Kichwa Kinauma, Kosa ni la Shingo

Tuseme ni mwuza vitenge wa Kariakoo. Mchana kutwa ameinamia kompyuta mpakato iliyo juu ya kaunta, anaingiza hesabu za mzigo. Usiku anajibu wateja kwa simu akiwa kitandani, mito miwili nyuma ya kichwa, kidevu kimegusa kifua. Asubuhi anaamka shingo imekataa kugeukia kulia. Ikifika adhuhuri maumivu yanapanda kutoka kisogoni, upande uleule wa kulia, yanapita juu ya sikio mpaka nyuma ya jicho. Anapima malaria, hana. Anapima macho, yako sawa. Kichwa bado kinauma.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi. Kikikaa wima, mifupa ya shingo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mzigo. Kikiinama, misuli ya nyuma ya shingo hulazimika kukivuta kisianguke mbele, kama mtu aliyeshika ndoo ya maji kwa mkono ulionyooshwa badala ya kuikumbatia. Mwaka 2014 Kenneth Hansraj, daktari wa upasuaji wa uti wa mgongo huko New York, alikokotoa kwamba kuinama nyuzi 15 kunaipa shingo mzigo wa kilo 12, na nyuzi 60 kilo 27. Hizo ni hesabu za karatasini, na wapo wanaoinama miaka yote wasiumwe. Linalochosha misuli zaidi ni kukaa mkao mmoja saa nyingi bila kujitikisa.

Lakini kwa nini jicho liume wakati kosa liko kisogoni? Neva tatu za juu kabisa za shingo huingia sehemu moja na neva inayoleta hisia za uso na kipaji, pale chini ya ubongo. Taarifa zikichanganyika hapo, ubongo hushindwa kujua maumivu yametoka wapi, ukayahesabu kuwa ya kipaji.

Maumivu ya aina hii yana dalili zake. Huanzia kisogoni, hushika upande mmoja bila kuhamahama, na huongezeka ukigeuza shingo au ukibonyeza misuli iliyo chini kidogo ya fuvu. Kipandauso kwa kawaida hupwita, huleta kichefuchefu na humfanya mtu aukimbie mwanga. Hata hivyo nacho huweza kukaza shingo, kwa hiyo ukishindwa kutofautisha, mwone daktari.

Shingo ya asubuhi ni usiku uliomalizia kazi ya mchana. Misuli iliyochoka inalazwa juu ya mto mrefu, au mtu analala kifudifudi, shingo imepinda kwa saa kadhaa. Mara nyingi hali hiyo huisha yenyewe ndani ya siku chache hadi wiki moja. Ikande kwa kitambaa cha maji ya moto kwa dakika 15, kisha igeuze polepole pande zote, ukiishia pale inapoanza kuuma. Usimruhusu kinyozi aizungushe ghafla mpaka ilie. Ndani ya pingili za shingo mna mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo. Ni nadra kuchanika, lakini ukichanika huweza kuleta kiharusi.

Mwuza vitenge wetu aanze na kaunta. Aweke kompyuta juu ya maboksi mpaka ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho, atumie kibodi ya pembeni, na ainuke kila nusu saa. Simu aiinue, viwiko viegemee kitu. Akilala ubavu, mto mmoja ujaze nafasi kati ya bega na sikio, usizidi hapo. Mara mbili kwa siku akae wima, arudishe kidevu nyuma bila kuinamisha kichwa, ashikilie kwa sekunde 5, arudie mara 10. Zoezi hili huimarisha misuli ya ndani ya shingo, ila matunda yake huonekana baada ya wiki kadhaa. Maumivu yakigoma, mtaalamu wa fiziotherapia atampa mengine.

Parasetamoli hutuliza, lakini kuimeza siku 15 au zaidi kila mwezi, miezi ikipita, huweza kuzaa maumivu mapya ya kichwa.

Zipo pia dalili zisizosubiri mto wala mazoezi: shingo iliyokakamaa pamoja na homa, maumivu makali yaliyolipuka ghafla kuliko yoyote uliyowahi kuyapata, mkono kufa ganzi au kulegea, au maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka. Ukiona mojawapo, nenda hospitali siku hiyohiyo.