Watu 23 na Siku Moja ya Kuzaliwa

Leo twawaletea fumbo la hesabu. Wachukueni wachezaji 22 wa mpira walio uwanjani, na refarii wao, jumla watu 23. Je, yaelekea kwamba wawili kati yao walizaliwa siku moja ya mwezi mmoja? Hatuulizi mwaka. Twauliza siku na mwezi tu, kama vile tarehe 14 Mei.

Wengi wakiulizwa hivi hucheka. Husema, “Mwaka una siku 365, nao watu ni 23 tu. Hawajazi hata sehemu ya kumi ya mwaka!” Kumbe hesabu yasema vingine. Katika makundi 100 ya watu 23, makundi kama 51 huwa na watu wawili au zaidi wa siku moja, na 49 hayana. Maana yake, kupata wawili wa namna hiyo ni jambo la kutazamiwa kuliko kuwakosa.

KOSA LIKO WAPI?

Kosa ni kwamba kila mtu hujifikiria yeye mwenyewe. Hujiuliza, “Nani hapa alizaliwa siku yangu?” Kwa swali hilo ana haki ya kuwa na mashaka, kwa sababu wenzake wa kulinganishwa naye ni 22 tu. Katika makundi 100, atampata mwenzake katika makundi 6 hivi. Akitaka kufikia nusu kwa nusu, yampasa kuwa na wenzake 253.

Lakini sisi hatukuuliza habari za mtu mmoja. Tuliuliza kama wako wawili wo wote. Basi, fikirini kwamba watu hao 23 wanapeana mikono, kila mmoja na kila mwenzake. Wa kwanza atashika mikono 22. Wa pili amekwisha kumsalimu wa kwanza, kwa hiyo wamebaki 21. Wa tatu wamembakia 20, na kuendelea hivyo mpaka wa mwisho, ambaye amekwisha kusalimiwa na wote. Jumlisheni 22 na 21 na 20, mpaka 1, mtapata 253. Ni idadi ile ile tuliyoitaja sasa hivi! Watu ni wachache, lakini salamu ni nyingi. Na kila salamu ni nafasi ya wawili kugundua kwamba siku yao ni moja.

TUFUATE HESABU YENYEWE

Sasa tuseme kuna vijiji 1,000, na katika kila kijiji kuna nyumba tupu yenye kalenda ukutani. Watu wanaingia mmoja mmoja, na kila aingiaye anatia alama siku yake. Mtu akikuta siku yake imekwisha kutiwa alama na mwingine, kijiji hicho kimepata wawili, nacho kinatoka katika hesabu.

Mtu wa kwanza hawezi kukuta alama. Wa pili akuta siku moja tu yenye alama kati ya 365. Wa tatu akuta mbili, wa nne tatu. Mwanzoni, basi, vijiji vinatoka vichache sana. Watu wakifika 10 katika kila nyumba, vijiji vilivyobaki ni 883 hivi. Lakini kila aingiaye akuta kalenda yenye alama nyingi kuliko aliyemtangulia. Wakifika 15 vimebaki 747. Wakifika 20 vimebaki 589, na wakifika 22 vimebaki 524. Ndipo aingia mtu wa 23, akuta siku 22 zimekwisha kushikwa. Vijiji zaidi ya 30 vinatoka mara moja, vinabaki 493. Nusu imevukwa.

Tukiendelea, watu wakiwa 30, vijiji vilivyopata wawili wa siku moja ni 706. Wakiwa 40 ni 891. Wakiwa 50 ni 970. Lakini ukitaka kuwa na hakika kabisa, isiyo na shaka hata kidogo, watu 365 hawatoshi; huenda kila mmoja ana siku yake. Tena wako wale wachache wa tarehe 29 Februari. Basi ni mpaka watu wawe 367.

MPIRA WATOA USHUHUDA

Hesabu hii ilionekana wazi mwaka 2014, katika mashindano ya Kombe la Dunia huko Brazili. Timu zilikuwa 32, na kila timu iliandikisha wachezaji 23. Kwa hesabu yetu, timu 16 hivi zilitazamiwa kuwa na wachezaji wawili wa siku moja. Tarehe zao zilipochunguzwa katika orodha ya wachezaji, timu zenye wachezaji wa namna hiyo zilikuwa 16 barabara. Si lazima iwe sawasawa hivyo kila mara. Ingaliweza kuwa 13 au 19 bila kuivunja hesabu.

Mtu aweza kusema, “Lakini watoto hawazaliwi sawasawa mwaka mzima, miezi mingine huwa na wengi.” Ni kweli, lakini jambo hilo haliipunguzi nafasi ya wawili kukutana, bali laiongeza, kwa kuwa watu husongamana katika siku chache. Na vijijini liko jambo jingine. Mzee asiyejua siku yake mara nyingi huandikiwa tarehe 1 Januari. Daftari likiwa na wazee wengi wa 1 Januari, si bahati iliyowakutanisha, ni kalamu ya mwandishi. Pacha nao wasihesabiwe hapa, maana sababu yao yajulikana.

DAFTARI LA SHULE

Sasa tuone mahali ambapo fumbo hili laweza kumdhuru mtu. Tuseme darasa lina watoto 40, wote waliozaliwa katika muda wa miaka miwili. Hapa tutazame tarehe nzima: siku, mwezi na mwaka. Tarehe ziwezekanazo ni 730 hivi. Lakini watoto 40 wakipeana mikono, salamu zao ni 780. Ukizifuata hatua zile zile za kalenda, utaona kwamba katika madarasa matatu ya namna hiyo, karibu mawili yana watoto wawili wa tarehe moja na mwaka mmoja.

Huenda mtu apitiaye daftari akaona wasichana wawili, wote wakiitwa Maria, wote wa tarehe moja. Husema, “Huyu ameandikwa mara mbili,” akafuta mmoja. Mtoto aliyefutwa hana jina shuleni, wala hakuna aliyedanganya. Mwandishi alidhani kulingana kwa tarehe ni ushahidi. Kumbe katika daftari la watu 40 kulingana huko ni jambo la kutazamiwa, na jina la Maria ni la wengi.

Basi mwandishi asifute kwa ajili ya tarehe. Atazame jina la baba na la mama, mahali pa kuzaliwa, na nyumba wanayokaa. Na wote wawili waitwe wasimame. Wakisimama Maria wawili, daftari li sawa.