Fahamu: Tangazo la jamaa aliyepotea huandikwaje?

Neno liharibulo matangazo mengi ya waliopotea ni "jana", kwa kuwa tangazo huendelea kusambazwa mwezi mzima, na kila alisomaye hudhani kuwa mtu ametoweka siku iliyotangulia. Tuseme mzee mwenye maradhi ya kusahau ametoka kwake Kisauni, Mombasa, asirejee. Aila yake hupiga ripoti polisi, ikapewa namba ya OB, kisha huandika juu ya picha yenyewe, maana maelezo ya chini ya picha huweza kuachwa njiani:

"ANATAFUTWA. (Jina.) Miaka 71, mrefu, mwembamba. Alionekana mwisho soko la Kongowea, Jumanne 4 Machi 2025, saa 4 asubuhi. Kanzu nyeupe, kofia ya kijani. OB namba… Simu…"

Dhana ya kuwa "huenda ametekwa" isitiwe kabisa, hata ikiwa jirani ameapa, kwani aliyemwona akitembea peke yake kwa utulivu atasema moyoni kuwa siye, akanyamaza. Alama moja, mathalani kovu la kidevuni, na ifichwe, ili apigapo simu laghai (nao hawakosi) akidai fedha kabla ya kusema mzee alipo, aulizwe alama hiyo.

Akipatikana, picha ileile irejeshwe kwenye makundi yote, imeandikwa "AMEPATIKANA" pamoja na tarehe. Nawe msomaji, ukipokea tangazo lisilo na tarehe wala simu, usilipeleke mbele.